Sadaka Ihesabiwe na Wawili, Ifike Benki Nzima

Tuchukue usharika wa Kilutheri wa mjini, Jumapili ya kawaida. Ibada imekwisha na wazee wa kanisa wawili wameketi ofisini, vikapu viko mezani. Wawili hao wasiwe ndugu wala mume na mke, na zamu ibadilike kila wiki. Tangu vikapu vitoke madhabahuni, asibaki navyo mtu peke yake, hata kwa dakika za kutafuta ufunguo. Fedha ikichomolewa hapo haiachi alama, kwa kuwa hakuna aliyeihesabu.

Mmoja anahesabu, mwenzake anarudia bila kuambiwa jibu la kwanza. Wakilingana ndipo wanaandika kwa wino: noti za 10,000 ni 14, za 5,000 ni 23, za 2,000 ni 61, za 1,000 ni 88, na sarafu shilingi 27,400. Jumla ya kapu ni 492,400. Bahasha za ahadi zinaongeza 186,000. Bahasha iliyoandikwa 10,000 ikikutwa na 5,000, inaandikwa 5,000, wote wawili wanatia sahihi juu yake, nayo inahifadhiwa.

Kesho yake mtu wa tatu, ambaye hakuhesabu, anapeleka fedha benki. Hati ya benki isome 678,400, bila kupungua hata shilingi. Hapa ndipo sharika nyingi hujikwaa, tena kwa nia njema. Fundi wa spika anadai 40,000, analipwa papo hapo kutoka kapuni, na benki inaingia 638,400. Hata kama fundi kalipwa kweli, karatasi mbili hazilingani tena, na baada ya wiki chache hakuna awezaye kutenganisha malipo na wizi. Fundi angoje alipwe kwa hati ya malipo, kutoka fedha iliyotengwa kwa matumizi madogo.

Jumapili inayofuata waumini wanasomewa mambo machache: kapu, ahadi, kilichoingia kwa lipa namba, kilichofika benki, kilichotumika. Majina ya watoaji hayatajwi.

Je, wawili wakila njama? Karatasi yao itaonekana safi. Kwa hiyo mhasibu alinganishe miezi kadhaa: kapu likishuka kila zamu ya watu wale wale, au sarafu zisipoonekana kamwe, aulize. Kinga kubwa zaidi iko kwa mtoaji mwenyewe. Kila robo mwaka apewe taarifa ya namba ya bahasha yake. Aliyetoa 20,000 akisoma 10,000, atasema, na awe na mtu wa kumwambia ambaye hahesabu sadaka. Noti iliyotupwa kapuni bila bahasha haina shahidi wa namna hiyo, na ndiyo sababu wale wawili hawaruhusiwi kuachana nayo mpaka ifungwe na kutiwa lakiri.