Saini Moja Iliyomnyima Binti Ploti

Tuseme yupo mama mjane wa Nakuru mwenye watoto wawili. Mwaka 2015 aliandika wosia: ploti apewe binti, akiba ya benki apewe kijana. Majirani wawili walishuhudia. Mwaka 2021 alifungua akaunti nyingine, akaandika wosia mpya wenye mgao uleule. Mstari wa kwanza ulisema: "Ninafuta wosia zangu zote za awali." Siku ya kutia saini jirani mmoja alikuwa safarini. Binti aliitwa kutoka jikoni, akapangusa mikono, akatia saini kama shahidi wa pili.

Mama akifariki, nini kitatokea?

Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 11, inataka wosia wa maandishi uwe na saini ya mwenyewe na mashahidi wasiopungua wawili. Kila shahidi awe amemwona akitia saini, au amesikia kwa kinywa chake kwamba saini ni yake. Kisha naye atie saini mbele yake. Si lazima mashahidi wawe pamoja.

Wengi hudhani saini ya mrithi huharibu wosia mzima. Sivyo. Kifungu cha 13 kinauacha wosia usimame, lakini zawadi aliyoachiwa shahidi huyo hubatilika. Ndivyo ilivyo pia zawadi ikiachiwa mumewe au mkewe. Zawadi hupona tu kama wapo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi, mbali na yeye.

Kwa hiyo kijana atapata akiba yake. Ploti, kwa kuwa wosia haukutaja mwingine wa kupewa yaliyobaki, itagawanywa kana kwamba haukuandikwa wosia juu yake: kati ya binti na kaka yake.

Je, binti ategemee wosia wa 2015? Hapana. Wosia wa 2021 ni halali, na kwa hiyo ule mstari wa kufuta umeshafanya kazi. Hata mama angeuchana wosia mpya kwa nia ya kuutengua, ule wa zamani usingefufuka wenyewe. Ungehitaji kutiwa saini na kushuhudiwa upya. Kutamka tu mbele ya jamaa kwamba "ule wa kwanza ndio wangu" hakutoshi, maana wosia wa mdomo haufuti wa maandishi.

Hayo hayawahusu Waislamu, ambao mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu.

Mama angali hai na mwenye akili timamu, tiba ni rahisi: auandike upya, ushuhudiwe na watu wawili wasioachiwa kitu, wala wenzi wao. Wa zamani usichanwe kabla mpya haujatiwa saini.

Leo hii, toa wosia wako kabatini. Soma majina ya mashahidi chini ya ukurasa, kisha uyalinganishe na ya warithi. Jina likijirudia, rekebisha ungali hai.