Bahasha ya Laki Tatu

Siku ya kwanza ya kurekodi filamu yetu fupi Bagamoyo, nilimkabidhi mtunza fedha bahasha yenye shilingi 300,000. Kanuni yake ni moja: saa yoyote ukiifungua, fedha iliyobaki ukijumlisha na risiti lazima ifike 300,000. Ikipungua na kuhitaji kujazwa, anarudishiwa kiasi kile kile kilichomo kwenye risiti, si zaidi.

Jioni tuliketi barazani tukahesabu. Noti na sarafu 84,500, risiti 203,000. Jumla 287,500. Imepelea 12,500.

Mtu mwenye haraka angeitoa mfukoni ili hesabu ikae sawa. Hapo ndipo daftari huanza kusema uongo, kwa sababu gharama ilikuwepo kweli ila imefichwa, na kesho itajirudia. Tukarudi nyuma saa kwa saa. Bodaboda alitumwa mara mbili kufuata betri, 5,000 kila safari. Bodaboda hana risiti. Iliyobaki 2,500 ilikuwa makato ya kutolea fedha kwa wakala, yamo kwenye ujumbe wa simu. Kwa bodaboda tuliandika vocha: tarehe, kazi, kiasi, namba yake ya simu na sahihi yake. Vocha huandikwa pale pale anapolipwa. Ikiandikwa usiku, hata aliyelipa hakumbuki vizuri. Na risiti za mashine nazipiga picha siku hiyo hiyo, maana karatasi ile ikikaa kwenye joto la gari maandishi hufifia.

Bahasha ikisawazika, bado hujui kama bajeti iko salama. Inakuambia fedha imekwenda wapi, haikuambii kazi iliyobaki itagharimu kiasi gani. Gari la kukodi, kwa mfano, tungelilipa siku ya mwisho, lakini deni lake la siku ile niliingiza jioni ile ile.

Chakula ndicho kilichotushtua. Mama lishe tulimlipa kwa simu, nje ya bahasha. Bajeti ilikuwa watu 18, 10,000 kwa kila mtu kwa siku, siku tatu: 540,000. Siku ya kwanza walikula 23, yaani 230,000. Ukitazama kilichozidi utaona 50,000 tu na kulala usingizi. Ila fungu limebaki 310,000, na siku mbili za watu 23 zinataka 460,000. Pengo ni 150,000.

Nani hao watano? Dereva, mlinzi wa jenereta, mwenye nyumba na wanawe wawili. Hakuna mgeni wa kufukuzwa hapo. Mwenye nyumba huwezi kumpikia uani kwake usimpe sahani. Kosa lilikuwa langu: nilihesabu waigizaji na mafundi, nikawasahau wenyeji. Usiku ule 150,000 ilitoka kwenye fungu la dharura, na kwenye daftari nikafuta 18, nikaandika 23.