Cheti cha Kampuni: Soma Nambari, Tarehe na Aina Kabla ya Kutoa Pesa

Vikundi vingi vimezoea jambo hili. Mgeni anafika mkutanoni na gari safi na mkoba wa karatasi. Anasema kampuni yake itanunua mazao yenu yote, lakini kwanza kila mwanachama atoe pesa kidogo za miche. Mtu akiuliza, "Tutajuaje kampuni ni ya kweli?", mgeni anatoa nakala ya cheti. Cheti kinazungushwa mkono kwa mkono, kila mmoja anaangalia nembo ya serikali, anatikisa kichwa, na kinarudishwa. Wamekiona, lakini hakuna aliyekisoma.

Cheti cha kampuni ni karatasi fupi na hakina maneno mengi. Kina mambo matatu ya kutafuta, na kila moja linajibu swali lake. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama 24 wanaolima maparachichi. Mwezi wa Agosti 2024 mgeni anawaomba shilingi 1,500 kila mmoja, yaani 36,000 kwa jumla. Kampuni yake tutaiita Fulani Limited. Jina na nambari tumezibuni kwa ajili ya somo hili.

Kwanza, ni cheti gani hiki?

Soma maneno makubwa ya juu. Cheti cha kampuni huandikwa "Certificate of Incorporation", maana yake kampuni imezaliwa kisheria na inasimama peke yake kama mtu. Kama juu kumeandikwa "Certificate of Registration" na chini kunatajwa sheria ya majina ya biashara, hiyo si kampuni. Ni mtu, au watu wachache, walioandikisha jina la kufanyia biashara. Duka la pale sokoni laweza kuwa na cheti kama hicho, na si kosa. Lakini mgeni aliyesema "kampuni" ameshasema jambo ambalo karatasi yake haisemi.

Pia msichanganye na cheti cha kikundi chenu wenyewe. Hicho hutoka idara ya maendeleo ya jamii, na tangu mwaka 2022 kinaongozwa na sheria ya vikundi vya jamii. Cheti cha kampuni hutoka kwa Msajili wa Makampuni. Karatasi ya kodi nayo ni kitu kingine. Ile PIN ya KRA ya kampuni huanza na herufi P, na ya mtu binafsi huanza na A. Mtu akikupa PIN ya A na kuiita nambari ya kampuni, amekupa nambari yake mwenyewe ya kodi.

Nambari

Nambari ya kampuni huwa karibu na sehemu ya juu ya cheti. Umbo lake hutegemea umri wa kampuni. Kampuni za zamani zina herufi C. na nambari mbele yake. Zilizofuata zina CPR, kisha mwaka, kisha nambari, kwa mfano CPR/2010 na tarakimu nyingine. Kampuni za binafsi zilizoandikishwa miaka ya karibuni kupitia eCitizen zina PVT- ikifuatwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Jina la biashara huanza na BN. Kwa hiyo herufi za kwanza peke yake zinakuonyesha umeshika karatasi ya aina gani.

Cheti cha Fulani Limited kina nambari PVT-7XUO0QI. Hapa katibu awe mwangalifu. Baada ya U kuna herufi O, halafu sifuri. Mwisho kuna herufi I, si moja. Ukikosea alama moja, kompyuta itakuambia hakuna kampuni kama hiyo, nawe utamlaumu mgeni bure. Kama nakala imefifia, mwombe akuonyeshe cheti chenyewe au akuletee nakala safi. Usibahatishe.

Kwa nini nambari na si jina? Kwa sababu jina laweza kubadilishwa. Kampuni ikibadilisha jina hupewa cheti kingine cha kuonyesha badiliko hilo, lakini nambari haibadiliki kwa sababu ya jina jipya. Tena majina mawili yaweza kufanana sana, yakatofautiana kwa neno moja tu. Nambari ni ya kampuni moja peke yake.

Tarehe

Tarehe ya kuzaliwa kwa kampuni iko ndani ya cheti. Katika vyeti vya zamani sentensi inasema kampuni imeandikishwa "this day", yaani siku hii ya leo, lakini siku yenyewe haionekani hapo. Shuka chini, karibu na saini ya msajili. Tarehe iliyoandikwa pale, mara nyingine kwa maneno badala ya tarakimu, ndiyo tarehe ya kuandikishwa.

Jihadhari na tarehe nyingine. Muhuri wa wakili aliyethibitisha nakala una tarehe yake. Cheti cha kubadilisha jina nacho kina tarehe yake. Hizo si siku ya kuzaliwa kwa kampuni.

Fulani Limited iliandikishwa tarehe 14 Mei 2024. Mgeni amesimama mbele ya akina mama mwezi wa Agosti mwaka huo huo akisema, "Tumenunua maparachichi tangu 2011." Kampuni ina miezi mitatu! Je, ni mwongo? Huenda alikuwa anafanya biashara kwa jina lake, akaandikisha kampuni baadaye. Hilo hutokea. Basi aulizwe waziwazi: "Kabla ya Mei mlikuwa mkinunua kwa jina gani, na kutoka kwa wakulima gani tunaoweza kuwatembelea?" Mwenye jibu la kweli atalitoa bila kukasirika.

Tarehe ina kazi nyingine. Mkataba ukitiwa saini kabla ya kampuni kuzaliwa, kampuni haikuwepo kukubali chochote. Kwa kawaida sheria humshika yule aliyejifanya anasaini kwa niaba yake. Kwa hiyo linganisha tarehe ya mkataba na tarehe ya cheti.

Aina ya kampuni

Cheti husema pia kama kampuni ni ya binafsi au ya umma, na kama madeni ya wanachama wake yana mpaka. Neno la kutafuta ni "Limited". Katika kampuni ya hisa, maana yake ni kwamba kampuni ikifilisika, mwenye hisa hupoteza kile alichoweka au alichoahidi kulipia hisa zake, basi. Shamba lake na nyumba yake haviguswi kwa deni la kampuni. Kama amechukua hisa za shilingi 1,000 na amezilipa, hadaiwi zaidi.

Wengi wetu tunafikiri neno hilo ni sifa, ati kampuni ni kubwa. Sivyo. Ni onyo la haki kwa anayefanya biashara nayo. Akina mama wakitoa 36,000 na miche isifike, wanaidai Fulani Limited, hawamdai mwenye gari. Kama kampuni haina kitu, watabaki na hukumu ya korti mkononi na mfuko mtupu. Lakini ikiwa kuna udanganyifu, mtu binafsi anaweza kushtakiwa kwa kosa lake.

Kampuni ya umma, kwa sheria ya makampuni ya mwaka 2015, jina lake humalizikia kwa PLC. Kuna pia kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wake huahidi kutoa kiasi fulani ikivunjwa. Mashirika mengi ya misaada hutumia aina hii. Na yule wa jina la biashara tuliyemtaja mwanzo hana ukuta wowote. Deni la biashara ni deni lake mwenyewe, hata kwa mali yake ya nyumbani.

Linganisha cheti na mkataba

Sasa rudini kwa karatasi ya mgeni. Cheti kinasema Fulani Limited. Mkataba aliouleta unasema "Fulani Mavuno", bila Limited na bila nambari. Pesa anataka zitumwe kwa simu yake. Hapa kuna majina matatu: kampuni, jina la mkataba, na mtu mwenye simu. Cheti kinahusu la kwanza tu. Kikundi kikilipa hivyo, cheti kile hakitawasaidia chochote kortini.

Akina mama waombe mambo mawili. Mkataba uandikwe upya kwa jina kamili na nambari kama vilivyo kwenye cheti. Na malipo yaende kwenye akaunti yenye jina hilo hilo.

Jambo ambalo cheti hakisemi

Cheti cha kuzaliwa hakisemi kama mtoto bado yu hai. Vivyo hivyo kampuni yaweza kuwa imefutwa kwenye rejista, na cheti kikabaki kinang'aa ndani ya mkoba. Pia hakiwataji wakurugenzi wa leo. Cheti kinaweza kuwa cha kweli kabisa, na anayekibeba akawa hana uhusiano nacho.

Ndiyo maana nambari ni muhimu. Kwa nambari hiyo kikundi chaweza kufanya sachi, yaani uchunguzi rasmi, kwa msajili kupitia eCitizen. Kama hamna simu ya kufaa, kijana wa saiba anaweza kuwasaidia. Karatasi inayotolewa inaitwa CR12. Inaonyesha nambari na tarehe, ambazo lazima zifanane na za cheti, na pia wakurugenzi na wenye hisa. Kuna ada ya kulipa, lakini ni ndogo sana ukiilinganisha na 36,000. Mgeni akisema anayo CR12 tayari, angalieni ilitolewa lini. Ya miaka miwili iliyopita haijui mabadiliko ya jana.

Tuseme CR12 ya Fulani Limited inataja wakurugenzi wawili, na jina la mgeni halimo. Anaweza kuwa wakala tu. Basi alete barua iliyotiwa saini na mkurugenzi mmoja kati ya hao, na kikundi kiwasiliane na mkurugenzi huyo kabla ya mtu kufungua kibeti. Na hata yote yakilingana, bado mnaweza kukubaliana kulipa miche ikishafika shambani. Cheti hakionyeshi kama kampuni ina miche.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Tafuteni cheti cha kampuni mliyowahi kufanya nayo kazi. Nambari yake inaanza na herufi gani, na hizo zinaonyesha nini?

2. Tarehe ya kuandikishwa iko wapi kwenye cheti hicho? Je, mkataba wenu ulitiwa saini kabla au baada yake?

3. Jina la kwenye risiti zenu ni lile lile la kwenye cheti, neno kwa neno?