Mkopo wa Dola, Nyumba ya Kulala Wageni Pangani

Mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza huuza nje, kwa hiyo mwenye shamba aliyekopa dola hulipa deni kwa dola anazozipata. Mwenye nyumba ya kulala wageni Pangani hupokea shilingi. Kwake dola ikipanda, deni nalo hupanda, hata kama hajakosa rejesho hata moja.

Tuchukue mfano. Amekopa dola 20,000 mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa karibu shilingi 2,300. Hadi Septemba 2024 ameshapunguza deni la msingi hadi dola 12,000. Kwa bei ya awali salio hilo ni shilingi milioni 27.6, lakini dola ilikuwa imefika karibu 2,700, kwa hiyo ni milioni 32.4. Milioni 4.8 zimeongezwa na bei ya dola tu, na hapo benki haina kosa. Desemba mwaka huo shilingi ilipata nguvu, dola ikashuka chini ya 2,500. Ndiyo maana salio halisi husomwa kwa dola. La shilingi hubadilika kila siku.

Penye kuhitaji jicho kali ni rejesho lenyewe, hasa kwa sisi tunaotuma marejesho kutoka nje ya nchi. Tuseme rejesho ni dola 650 na umetuma dola 650 kamili, lakini zimeingia kwenye akaunti ya shilingi. Benki imezinunua kwa 2,650, zikawa shilingi 1,722,500. Kisha, kulipa mkopo, imekuuzia dola kwa 2,750. Kwenye mkopo zimefika dola 626.36. Zilizopungua, takriban 23.64, huhesabiwa kuwa malimbikizo, na adhabu huanza kujengeka juu yake bila wewe kujua, maana kwako umelipa kamili.

Kubaini upungufu huo si kazi ngumu. Chukua taarifa ya akaunti na taarifa ya mkopo, uziweke pamoja. Gawanya shilingi zilizotolewa kwa dola zilizoingia kwenye mkopo: hiyo ndiyo bei uliyotozwa. Ilinganishe na bei ya kuuza iliyobandikwa na benki yako siku hiyo hiyo. Bei za Benki Kuu zitakuonyesha soko lilikuwa wapi, ila si lazima benki ikutoze hizo hizo. Angalia pia tarehe: fedha zikitoka Ijumaa na mkopo ukalipwa Jumanne, uliza imetumika bei ya siku ipi, na mkataba unasemaje.

Ukikuta pengo, andika barua yenye tarehe, kiasi na bei zote mbili, uombe marekebisho ya malimbikizo na adhabu. Na kabla ya kutuma rejesho lijalo, fungua akaunti ya dola kwenye benki hiyo hiyo, uagize mkopo ukatwe humo moja kwa moja.