Bima Wamekataa Kulipa: Soma Barua Kabla Hujajibu

Barua ya kampuni ya bima inayokataa madai huwa fupi, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya adabu. Wanakupa pole kwa ajali, wanataja namba ya hati yako na tarehe ya tukio, kisha wanasema wamepitia madai "kwa makini". Uamuzi wenyewe hukaa katikati, mara nyingi katika sentensi moja au mbili zenye maneno "kwa mujibu wa" au "kinyume na sharti". Hapo ndipo pa kupiga mstari kwa kalamu. Jibu lako lote litajengwa juu ya sentensi hizo.

Tuchukue mfano wa bima kubwa ya gari Tanzania, kwa kuwa ndiyo inayowafikisha wengi kwenye barua ya aina hii. Mwenye Toyota Ist amempa mdogo wake gari aende Morogoro. Karibu na Chalinze amegonga nyuma ya lori, na gereji imekadiria matengenezo kuwa Sh6,400,000. Baada ya wiki kadhaa barua inafika: "Ajali ilitokea tarehe 3 Machi, lakini taarifa tuliipokea tarehe 21 Machi, kinyume na sharti la kutoa taarifa. Aidha, dereva alikuwa na leseni iliyokwisha muda. Kwa hiyo kampuni haina dhima. Tunahifadhi haki zetu zote." Barua nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, lakini maana huwa ni hiyo hiyo. Kama Kiingereza kinakupa shida, mtafute anayekijua akusomee neno kwa neno; muhtasari hautoshi.

Ndani ya barua hiyo mna sababu mbili, na kila moja inajibiwa kivyake. Ya kwanza ni madai kwamba mkata bima hakutimiza wajibu wake baada ya ajali. Ya pili inasema kwamba hali yenyewe ya ajali haikulindwa na bima tangu mwanzo. Ukizichanganya katika jibu moja la jumla, kampuni itajibu ile dhaifu na kuiacha ile yenye uzito.

Sasa chukua hati ya bima yenyewe, ile yenye kurasa nyingi ambayo watu wengi hawaiombi wanapolipia. Stika na risiti havitakusaidia hapa. Kama huna hati, iombe kwa maandishi leo. Ni mkataba wako na una haki ya kuwa na nakala. Ukiipata, tafuta kifungu kinachotajwa kwenye barua, usome maneno yake kamili. Anayeandika barua hufupisha kifungu kwa lugha yake, na mara nyingine ufupisho huo unasema zaidi ya kile kilichokubaliwa.

Leseni ni mfano mzuri wa jambo hilo. Hati nyingi za magari zenye maneno ya zamani hazisemi kwamba dereva lazima awe na leseni hai siku ya ajali. Husema dereva awe na leseni, au awe amewahi kuwa nayo, na asiwe amezuiwa kisheria kuwa nayo. Ukisoma hivyo, mdogo mtu ambaye leseni yake iliisha Januari na hakuihuisha bado analindwa, maana aliwahi kuwa nayo na hakuna mahakama iliyomfungia. Zipo pia hati zinazodai leseni hai waziwazi. Yako ikiwa hivyo, sababu ya kampuni ina nguvu, na ni afadhali ulijue hilo mapema kuliko kutumia miezi ukibishana. Jibu limo ndani ya kifungu. Hulipati kwa wakala, wala kwa jirani aliyewahi kulipwa.

Ucheleweshaji nao una undani wake. Kifungu cha taarifa mara nyingi husema "mapema iwezekanavyo" bila kutaja siku. Swali linakuwa: ni nani aliambiwa, na lini? Tuseme mwenye gari alimtumia wakala ujumbe na picha tarehe 4 Machi, naye wakala akakaa nao mpaka tarehe 21. Wakala anaiwakilisha kampuni, hivyo kuna hoja nzito kwamba kumwambia yeye ni kuiambia kampuni. Lakini kama aliyemuuzia bima alikuwa dalali, mambo hubadilika, kwa sababu kwa kawaida dalali humwakilisha mteja. Watu wengi huwaita wote mawakala. Angalia jina na cheo kilichoandikwa kwenye hati au risiti kabla hujajenga hoja hii.

Kuna kanuni moja inayosaidia kupanga jibu. Wewe ndiye unayepaswa kuonyesha kwamba hasara ni ya aina iliyokatiwa bima. Kampuni ikisema kuna jambo linalokutoa kwenye ulinzi, yenyewe ndiyo inayopaswa kulithibitisha. Kwa hiyo usiandike kurasa tatu kusimulia ajali upya au kueleza ugumu wa maisha. Kwa mfano wetu, aya zenyewe zingetosha hivi: "Kuhusu leseni, kifungu cha dereva cha hati yangu kinamkubali mtu aliyewahi kuwa na leseni na ambaye hajazuiwa. Nimeambatanisha nakala ya leseni yake iliyokwisha muda. Kuhusu taarifa, wakala wenu aliipokea tarehe 4 Machi. Nimeambatanisha ujumbe wenye tarehe. Naomba mpitie upya uamuzi wenu, na mnithibitishie kama hizi mbili ndizo sababu zenu zote."

Ombi hilo la mwisho lina kazi yake. Maneno "tunahifadhi haki zetu zote" huiachia kampuni mlango wa kuleta sababu nyingine baadaye. Ukiitaka itaje zote sasa, kwa maandishi, itakuwa vigumu kwake kubadilisha wimbo mbele ya msuluhishi.

Peleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kampuni ikikataa tena au ikinyamaza, hatua inayofuata ni Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huduma yake kwa mlalamikaji ni bure. Itataka kuona kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe, ndiyo maana muhuri ule ni muhimu. Mamlaka yake yana ukomo wa thamani ya dai, hivyo ulizia kwanza kama dai lako limo. Kama ni mwenendo wa kampuni au wakala unaokusumbua, unaweza pia kulalamika kwa TIRA, mamlaka inayosimamia soko la bima. Mahakama inabaki kuwa njia ya mwisho.

Tahadhari moja: kampuni ikikupa kiasi kidogo "kwa hisani" na fomu ya kusaini, soma fomu hiyo kwanza. Ikisema malipo ni kamili na ya mwisho, sahihi yako inaweza kufunga dai lote.

Jambo la haraka kuliko yote ni tarehe iliyo juu ya barua. Hati nyingi za magari zina kifungu kinachosema kwamba kampuni ikikana dhima, na dai lisipofikishwa kwenye usuluhishi ndani ya miezi 12 tangu siku hiyo, litahesabiwa kuwa limeachwa. Kifungu hicho kinaweza kubishaniwa kisheria, lakini usikae ukisubiri ubishi huo. Kitafute kwenye hati yako leo, uhesabu miezi, na uandike barua yako ya kwanza wiki hii.