Dola, Mwelekeo na Kipimo cha ADX
Mwaka 2023 nilishikilia, mbele ya walimu wenzangu hapa Matuu, kwamba dola ikishapanda mno sharti ishuke. Ilianza mwaka kwa shilingi 123 hivi, ikaufunga ikiwa imepita 156. Kila mwezi nilikosea.

Kosa langu lilikuwa kutumia kanuni ya soko linaloyumba mahali penye mwelekeo. Kipimo cha ADX, alichokitangaza Welles Wilder mwaka 1978, hutenganisha hali hizo kwa kupima mwendo wa bei, kwa kawaida wa siku 14. Kikisoma chini ya 20, kununua bei iliposhuka na kuuza ilipopanda kuna maana. Kikipita 25, afadhali kuifuata bei iendako. Kupanda mfululizo kama kule hukiinua.

Lakini hakisemi bei inaelekea wapi, tena huchelewa, kwa kuwa ni wastani wa wastani. Februari 2024 serikali ilipouza hatifungani mpya ng'ambo, shilingi iligeuka ghafla ikapata nguvu. Katika mgeuko wa namna hiyo ADX husalia juu kwa siku kadhaa. Aliyekitegemea peke yake, bila kutazama mistari ya +DI na -DI ionyeshayo upande wenye nguvu, angaliendelea kununua dola iliyokwisha kuanza kuanguka.