Kwa Nini Filamu Huchechemea Kwenye Skrini ya Hezi 60

Kamera inapogeuka taratibu kufuata safu ya milima, utaona milima hiyo ikisogea kwa vishindo vidogo, kana kwamba inachechemea. Wengi hulaumu intaneti. Lakini intaneti ikizidiwa, picha huganda ovyo na sauti hukatika. Hapa sauti ni safi, na mtikisiko una mapigo yasiyobadilika.

Chanzo ni hesabu. Tangu filamu zenye sauti zishike soko mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu hupigwa kwa fremu 24 kila sekunde. Skrini ya hezi 60 hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Gawanya 60 kwa 24, utapata mbili na nusu, na skrini haiwezi kujichora nusu. Basi fremu moja huonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, kisha tatu tena.

Chukua mlima unaovuka skrini yenye upana wa pikseli 1920 kwa sekunde nane. Katika kila fremu husogea pikseli 10. Hatua zote ni sawa, ila hatua moja hukaa milisekunde 50 na ya pili 33 tu. Jicho linaloufuata mlima hutarajia mwendo mmoja, ndiyo maana hunasa kasoro hiyo mara moja.

Dawa bora ni kubadili mwendo wa skrini, si wa filamu. Ukiiweka kwenye hezi 24, au 120 ambapo kila fremu hurudiwa mara tano, mgawanyo huwa sawa. Kwenye Kodi, ingia sehemu ya Player, kisha Videos, na uweke Adjust display refresh rate kuwa On start / stop. Apple TV ina Match Frame Rate. Skrini itakuwa nyeusi kidogo filamu inapoanza. Hiyo ni kawaida.

Angalia jambo moja dogo. Filamu nyingi za diski na mtandaoni huenda kwa fremu 23.976. Skrini ikiwa 24 kamili, fremu moja itarudiwa takriban kila sekunde 42, na utaona mshtuko mmoja. Kama 23.976 ipo kwenye orodha, chagua hiyo.

Kompyuta za mkononi nyingi hazina ila hezi 60. Kwa hizo, napendekeza programu ya mpv, ukiandika haya ndani ya faili la mpv.conf:

```
video-sync=display-resample
interpolation=yes
tscale=oversample
```

Mchoro unaoangukia katikati ya fremu mbili huchanganya zote mbili, hivyo kila moja hupata mbili na nusu yake. Hii ni tofauti na ulainishaji wa runinga unaobuni fremu mpya na kuifanya sinema ifanane na tamthilia ya studio. Huo mimi huuzima. Mtikisiko mdogo utakaobaki kamera ikigeuka kwa kasi ni wa fremu 24 zenyewe, na hata kwenye ukumbi wa sinema upo.